Tibia iliyovunjika katikati: hogo, msumari au vyuma vya nje? Namna ya kueleza na kuchagua kwenye viva

Mtahini anaweka picha mbili kwenye kisanduku cha taa. Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 28, dereva wa bodaboda kutoka Urambo. Aligonga ng'ombe jioni, akapitia kituo cha afya, akafikishwa hospitali ya mkoa Tabora usiku. Mguu wa kulia umevimba, kuna mchubuko mdogo, hakuna kidonda. "Niambie unachoona, halafu niambie utafanya nini."

Watahiniwa wengi huona haya kuwa maswali mawili: wanaeleza picha kwa mdundo waliokariri, wanameza mate, kisha wanaanza upya na tiba. Kumbe ni swali moja. Namba unazozitaja ukieleza picha ndizo zitakazoamua kama mfupa huu ufungwe hogo, upigwe msumari au ushikwe kwa vyuma vya nje. Ukisema tu "umepinda kidogo", umejinyima hoja ya kutetea chochote utakachochagua baadaye.

Maelezo yanayobeba uamuzi

Jibu linalotosha kwa picha hii linaweza kuwa hivi:

"Hizi ni picha ya mbele na ya ubavu za mguu wa kulia wa mtu mzima, na goti na kifundo vyote vinaonekana. Tibia imevunjika kwenye shina, pale theluthi ya kati inapokutana na theluthi ya chini. Mstari ni wa mshazari mfupi, hakuna kipande cha tatu. Kipande cha chini kimesogea upande wa nje kwa karibu nusu ya upana wa mfupa na kimepinda valgasi nyuzi 7. Kwenye picha ya ubavu ncha ya pembe inatazama mbele, nyuzi 6. Vipande vimepandana kwa milimita 8. Fibula imevunjika usawa huohuo. Mstari haufiki kwenye kiungo, na sioni hewa ndani ya nyama. Mzunguko sitausoma hapa; nitaupima kwa mgonjwa, nikilinganisha goti na kidole cha pili cha mguu huu na vya mguu mzima."

Hayo husemwa kwa chini ya dakika moja. Anayesemewa siku zote ni kipande cha chini: kimesogea wapi, kimepindia wapi. Mtahiniwa akigeuza, akasema cha juu ndicho kimeingia ndani, mtahini hamwelewi tena, na muda unapotea kusahihishana. Kosa jingine la kawaida ni kukubali picha isiyoonyesha kifundo. Tibia iliyovunjika chini kwa mstari wa kuzunguka kama skrubu mara nyingi huwa na ufa mwingine uliojificha nyuma ya kifundo. Kama kiungo hakionekani, sema hakionekani na uombe picha nyingine kabla ya kuendelea.

Vigezo vya kupimia

Kabla ya kutaja tiba yoyote, weka mezani mambo manne, na kila tiba uipitishe humohumo. La kwanza ni ngozi na misuli: kuna kidonda, malengelenge, au mguu umekakamaa kwa shinikizo? La pili ni umbo la mfupa na kama utatulia ukishanyooshwa. La tatu ni nani atakayemwona mgonjwa huyu wiki kwa wiki. Urambo hadi Tabora mjini ni kama kilomita 90, na mtu mwenye mguu ulionyooshwa kwenye plasta hapandi gari lolote linalopita. La nne ni chumba cha upasuaji: vifaa, usafi, na mikono inayoijua kazi.

Kwa umbo, mipaka inayokubalika na wengi kwa tibia ya mtu mzima ni hii: kupinda ndani au nje kusizidi nyuzi 5, kupinda mbele au nyuma kusizidi nyuzi 10, mzunguko usizidi nyuzi 10, ufupi usizidi sentimita 1, na vipande vigusane angalau nusu ya upana. Rudi sasa kwenye maelezo ya juu. Mgonjwa wetu ana ufupi wa milimita 8, uko ndani ya mpaka. Pembe ya mbele nyuzi 6, iko ndani. Valgasi nyuzi 7, imevuka. Kugusana, kuko ukingoni. Kwa hiyo akiachwa alivyo haikubaliki, lakini hayuko mbali na kukubalika, na ndiyo maana watu wawili wenye akili timamu wanaweza kumtibu kwa njia mbili tofauti.

Jambo moja halingoji uchaguzi wowote, nalo ni shinikizo ndani ya vyumba vya misuli. Lipo kwenye tibia iliyovunjika bila kidonda kama lilivyo kwenye mivunjiko mingine, na kwa vijana zaidi. Mgonjwa analia maumivu kupita kiasi cha jeraha lenyewe, dawa haimtulizi, na ukimnyoosha vidole vya mguu taratibu anaruka. Mapigo ya mshipa kwenye unyayo yanaweza kuwa mazuri kabisa, hivyo usidanganyike nayo. Ukiwa na kipimo, toa shinikizo la chumba kwenye namba ya chini ya presha ya damu. Presha ya chini ikiwa 70 na chumba kikasoma 45, tofauti ni 25. Chini ya 30, na dalili zipo, vyumba vyote vinne vinafunguliwa kwa mipasuo miwili mirefu, usiku huohuo. Usipokuwa na kipimo, dalili zinatosha.

Hogo

*Linamfaa nani.* Mvunjiko usio na kidonda, nguvu ya ajali isiyo kubwa sana, umbo linaloweza kurudishwa ndani ya mipaka, na mgonjwa anayeweza kurudi. Fibula ikiwa nzima, angalia tibia isije ikapinda ndani, kwa sababu fibula inakuwa kama mwimo unaozuia upande mmoja usishuke. Fibula ikivunjika usawa huohuo kama hapa, hofu kubwa ni valgasi na ufupi. Ufupi wenyewe, ukishafungwa vizuri, kwa kawaida hauzidi sana ule ulioonekana siku ya kwanza. Hoja hiyo watahini huipenda, maana inaonyesha unaelewa kwa nini milimita 8 hazikutishi.

*Kazi yenyewe.* Watu husema "nitanyoosha na kufunga hogo" kwa sentensi moja, kisha mtahini anauliza "vipi?" na ukimya unaingia. Mpe dawa ya maumivu na ketamini ya mshipa, kuanzia miligramu 1 kwa kilo. Mkalishe ukingoni mwa kitanda, goti limekunjwa nyuzi 90, mguu unaning'inia. Uzito wa mguu wenyewe unavuta. Msaidizi anashika unyayo ili kidole cha pili kiwe mstari mmoja na goti. Zungusha pamba tabaka mbili, ukiongeza kwenye kisigino, vifundo na shingo ya fibula, ambapo neva inapita juujuu. Funga kwanza chini ya goti kwa bandeji za plasta za sentimita 15, ukikandia kwa viganja, si kwa ncha za vidole. Ikishika, mlaze, kunja goti nyuzi 10 hadi 15, kisha upandishe hogo hadi pajani. Kifundo kikae nyuzi 90.

Kwa mguu uliovimba kama huu, hogo la duara usiku wa kwanza lipasuliwe urefu wote, pamoja na pamba, hadi ngozi ionekane. Kupasua plasta na kuacha pamba ni nusu ya kazi, kwa sababu pamba iliyolowa damu ikikauka inabana kama kamba. Anayeogopa zaidi aweke plasta ya nusu upande wa nyuma kwa siku chache kwanza, afunge la duara uvimbe ukishuka.

*Kinachoharibika.* Mfupa unahama uvimbe ukishuka, kwa sababu hogo limelegea. Ndiyo maana picha hupigwa siku ya kufunga, kisha kila wiki kwa wiki tatu au nne za kwanza. Baada ya hapo mfupa umeanza kushikana vibaya, na kusahihisha ni kazi nyingine. Mambo mengine ni goti na kifundo kukakamaa, kidonda cha mgandamizo kisigino, na mguu unaodondoka kwa sababu neva ilibanwa shingoni mwa fibula.

Tumfuate mgonjwa wetu. Baada ya kufunga, picha inasoma valgasi nyuzi 3, mbele nyuzi 5, ufupi milimita 7, kugusana asilimia 70. Vyote viko ndani ya mipaka. Wiki ya pili valgasi imefika nyuzi 8. Je, hogo limeshindwa? Bado. Hogo linaweza kukatwa na kutiwa kabari. Weka alama ya usawa wa mvunjiko, ukiutafuta kwa picha yenye kipande cha chuma kilichobandikwa juu ya plasta. Kata kwa msumeno robo tatu ya mzunguko ukianzia upande wa nje, uache bawaba upande wa ndani. Fungua mwanya taratibu upande wa nje, uweke kijiti cha mbao kushikilia, piga picha, ukiridhika ziba kwa plasta. Ni upande wa nje kwa sababu kwenye valgasi bonde liko nje. Anayekata upande wa ndani anaongeza kilema, na mtahini atakuuliza upande bila shaka. Mgonjwa akilalamika baadaye kuwa panachoma kwenye bawaba, fungua uangalie ngozi. Malalamiko hayo si ya kutulizwa kwa dawa.

Kati ya wiki ya nne na ya sita, mfupa ukiwa haumuumi sana ukiuchezesha, hogo refu linabadilishwa kuwa fupi linaloegemea kano ya goti, goti likiwa huru, na mgonjwa anakanyagia. Kuunga kwa kawaida huchukua miezi minne au mitano. Mtu anayeishi kwa kuendesha pikipiki aambiwe hivyo siku ya kwanza, kabla hajachagua.

Msumari wa ndani

*Unamfaa nani.* Mvunjiko wa shina usiotulia, wa vipande vingi, mgonjwa mwenye majeraha mengine, au yule aliyewekwa hogo na umbo likakataa. Pia humfaa mtu ambaye kurudi kila wiki haiwezekani, jambo ambalo husahaulika kirahisi. Kwa mkulima wa tumbaku wa ndani huko Sikonge wakati wa masika, msumari unaweza kuwa tiba ya kufuatilia kwa urahisi zaidi kuliko hogo, ingawa hogo ndilo linaloonekana la bei ndogo.

*Kazi yenyewe.* Sefazolini gramu 2 ndani ya saa moja kabla ya kupasua. Goti limekunjwa sana, mpasuo pembeni ya kano ya goti au katikati yake. Mlango wa kuingilia uko ukingo wa mbele wa juu ya tibia. Kwa picha ya mbele, uko kidogo upande wa ndani wa kijiti cha nje cha katikati ya goti. Mlango ukikosewa, mfupa unanyooka vibaya hata kama msumari ni mzuri. Urefu unapimwa kwenye mguu mzima kabla ya kuanza. Mfereji unapanuliwa, msumari unaingia, unafungwa kwa skrubu juu na chini ili usizunguke wala kufupika.

Hapa mtahini wa Afrika Mashariki karibu lazima akuulize: na kama hamna mashine ya picha mle chumbani? Jibu ni msumari wa SIGN, uliobuniwa kwa hospitali za aina hiyo. Ni chuma kisicho na uwazi katikati, mfereji unapanuliwa kwa mkono, na mkono wa kulengea unaonyesha tundu la skrubu lilipo. Tundu la chini linatafutwa kwa chuma kidogo kinachopitishwa kwenye mfupa. Kikiingia kwenye tundu, ukizungusha kidogo mpini wa msumari unakihisi kikicheza pamoja nao. Kisipocheza, uko pembeni ya msumari, na skrubu utakayoipiga haishiki kitu. Wakati mwingine pia sehemu iliyovunjika hufunguliwa kidogo ili vipande vikutanishwe kwa macho.

*Kinachoharibika.* Uchafu ukiingia, umeingia ndani ya mfereji mzima, na hiyo ni vita ya miezi. Maumivu ya mbele ya goti ni ya kawaida, na kwa mtu anayepiga magoti kuswali au kulima si jambo dogo, mweleze mapema. Mvunjiko ulio chini kama huu wa kwetu hupenda kupinda valgasi juu ya msumari, kwa sababu mfereji pale ni mpana na msumari unaelea. Zuia kwa kunyoosha kabla ya kupanua mfereji, si baada ya kuingiza msumari ukitumaini utanyoosha wenyewe.

Vyuma vya nje

*Vinamfaa nani.* Kidonda kilichochafuka, mguu uliofunguliwa vyumba vya misuli, mgonjwa asiye na hali ya kukaa mezani muda mrefu, au anayepaswa kusafirishwa kwenda Bugando Mwanza na njia ni ndefu. Kwa mvunjiko usio na kidonda wa mgonjwa wetu, vyuma vya nje vikitajwa kama chaguo la kwanza vitahitaji sababu nzuri.

*Kazi yenyewe.* Pini nne za milimita 5, mbili juu na mbili chini, zikipita upande wa mbele na ndani ambako mfupa uko chini ya ngozi na hakuna misuli ya kutoboa. Katika kila kipande, pini moja karibu na mvunjiko na nyingine mbali, maana umbali kati yake ndio unaoleta uthabiti. Toboa kwanza kwa kekee ya milimita 3.5, kisha ingiza pini kwa mkono hadi ishike ukuta wa pili wa mfupa. Fimbo ikae karibu na ngozi, ikiacha nafasi ya vidole viwili kwa uvimbe na usafi.

*Kinachoharibika.* Usaha kwenye matundu ya pini, na pini inayolegea. Ukikusudia kubadilisha kuwa msumari, fanya ndani ya siku 14, matundu yakiwa makavu. Baada ya hapo hatari ya kupeleka wadudu ndani ya mfereji inapanda. Wapo wanaobaki na vyuma hadi mfupa uunge, na inakubalika, ila kuunga huchelewa na umbo huweza kupotea vyuma vikitolewa mapema.

Bamba la skrubu halikuwekwa kwenye ulinganisho kwa makusudi. Lina nafasi yake mvunjiko unapokaribia goti au kifundo. Kwenye shina la katikati, ngozi ya mbele ya tibia ni nyembamba mno kuficha chuma kirefu.

Ukiulizwa, jibu kwa hali iliyopo

Mvunjiko kama huu wa kwetu, ngozi nzima, vyumba vya misuli vimelegea, na mgonjwa ana ndugu mjini anayeweza kukaa kwake mwezi mmoja: hogo linatetewa vizuri. Taja mipaka, ratiba ya picha, na siku utakayokubali kwamba limeshindwa.

Mgonjwa huyohuyo, lakini analazimika kurudi Urambo kesho kutwa na hatarudi hadi mavuno, nanyi mna msumari na timu inayoujua: piga msumari. Sema wazi kuwa sababu ni ufuatiliaji. Ukisema tu kwamba "msumari ndio tiba ya kisasa", jiandae kwa maswali ya goti.

Msumari hamna, umbo halirudi ndani ya mipaka baada ya jaribio moja la kunyoosha kwa ketamini: weka plasta ya nusu, eleza kwenye barua ya rufaa namba za kabla na baada, umpeleke. Kujaribu mara ya tatu na ya nne kunavimbisha mguu bila kubadilisha namba.

Mtahini akibadilisha hadithi, akasema kuna kidonda cha sentimita 3 chenye udongo wa zizini: usijibu kwa ukubwa wa kidonda peke yake. Udongo wa shamba unakiweka kwenye daraja la tatu la Gustilo hata kikiwa kidogo. Sefazolini gramu 2 na jentamisini miligramu 5 kwa kilo ndani ya saa moja, sindano ya pepopunda, picha ya kidonda, chachi yenye maji ya chumvi, plasta ya nusu. Kisha chumba cha upasuaji bila kungoja asubuhi: kata nyama iliyokufa, osha kwa lita 9 za maji ya chumvi, weka vyuma vya nje, acha kidonda wazi, na urudi kukiangalia baada ya saa 48.

Na akisema mgonjwa aliyefungwa hogo jioni anaamka saa nane usiku akipiga kelele, muuguzi ameshampa dawa mara mbili: usimwongezee ya tatu. Pasua hogo na pamba hadi kwenye ngozi, weka mguu usawa wa moyo, nyoosha vidole vyake, na umwangalie tena ndani ya nusu saa. Akiwa bado analia, mpigie simu mtu wa usingizi.